Habari za Nyumba kwa Mgeni Aliyefika

Kila lori lililoingia mjini lilinifanya nisimame. Nikiwa nakula niliacha chakula. Nikiwa nakunja shuka niliziacha kitandani zimekunjwa nusu, nikatoka hadi kwenye kichochoro cha duka kutazama nani anashuka. Lori la upande wa Wajir huenda lilileta wageni wetu. Lori la upande wa Hulugho huenda lilimleta ndugu wa baba yangu, na huyo ndiye niliyemwogopa.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuja Garissa tulipomzika baba, mama akiwa ametangulia, akakaa nasi matanga yote, na siku ya kuondoka aliniita pembeni. Nyuma yangu walikuwapo dada zangu wawili na mdogo wetu wa mwisho, wa kiume.

"Watoto watatu hawalelewi na wa nne," aliniambia. "Mvua za masika zikipita nitarudi. Huyu dada yako mkubwa ataenda Ijara kwa shangazi yenu. Yule mdogo na kitinda mimba nitawachukua mimi. Wewe ni mwanamume, utajitafutia."

"Adeer," nilimwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita ndugu wa baba, "na nikiweza kuwaweka pamoja?"

Alinitazama miguu hadi kichwa. Nilikuwa nimetolewa shule ya pwani kabla ya kumaliza, nimevaa kaptula ya shule bado kwa sababu sikuwa na nguo nyingine. "Nikirudi nikakukuta na paa la kwako na kazi isiyoning'inia kwa huruma ya mtu, tutazungumza."

Paa nililipata kwa Haji. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, chai na sukari, na nyuma ya duka lake alikuwa na ghala la ngozi. Zamani alisafiri hadi Aden, akalala kwenye hoteli, na tangu hapo hakutulia. Alizihamisha ngozi, akalifukiza ghala ubani wiki nzima, akaligeuza nyumba ya kupangisha: vyumba viwili, baraza, jiko na bafu, vitanda vya chuma vyenye chandarua, magodoro ya pamba, meza, viti, birika, sufuria, hata kioo cha kunyolea. Mgeni alikodi kwa wiki, akaja na nguo zake tu.

Watu wa nje hucheka nikiwaambia kwamba watu walikuja Garissa kupumzika. Lakini fikiria unakaa Wajir, unakunywa maji ya kisima yenye chumvi mwaka mzima. Kwako wewe mto ni pepo. Makarani wa serikali walikuja kwa livu pamoja na wake zao, wafanyabiashara waliwaleta mama zao wenye maungo mabovu wakae kivulini na kutazama maji yakipita. Wengine walikaa kwenye kingo siku nzima bila kufanya lolote, wakatazama tu.

Kazi yangu ilikuwa kuipokea mizigo, kukabidhi ufunguo, kuonyesha vyombo na kuvihesabu mgeni akiondoka. Dada yangu mkubwa alifagia na kufua. Ujira wetu mkubwa ulikuwa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya magunia, ambamo tulilala wote wanne. Kazi ikiniponyoka, chumba kingeniponyoka, na adeer angekuta mlango umefungwa.

Basi Haji akataka kadi.

"Kule Aden," alisema, "nyuma ya mlango wa kila chumba palikuwa na karatasi. Karibu, kisha sheria. Mgeni anajua alipo. Wewe umesoma, andika."

Aliniamuru akiwa amesimama juu ya mizani ya kupimia ngozi, kana kwamba maneno yake yalihitaji kimo. Niliandika kwa wino, kwa herufi za shule, kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo karani wa bara na mfanyabiashara wa Rhamu wangeweza kuisoma wote wawili. Karatasi ilitiwa ndani ya fremu ya kioo iliyokuwa na picha ya meli, ikapigwa msumari karibu na mlango. Iliandikwa hivi:

*KARIBU MGENI. Sheria za nyumba hii ni hizi. Wageni wasizidi idadi waliyokubaliana na mwenye nyumba. Pombe hairuhusiwi. Mtu asiguse pipa la maji ya kunywa ila kwa kata. Mtu asioge mtoni. Kelele zikome baada ya swala ya isha. Kitakachovunjwa kitalipwa. Siku ya mwisho mgeni atoke kabla ya adhuhuri na akabidhi ufunguo.*

Nilimsomea dada yangu mkubwa. Hakujua kusoma lakini masikio yake yalikuwa makali kuliko ulimi wake, na ulimi wake ulikuwa wembe.

"Aboowe," aliniita, yaani kaka, "hii ni karibu au ni hukumu ya korti?"

"Ni maneno ya Haji."

"Mkono ni wako. Mgeni hatamwona Haji ukutani."

Wageni wa kwanza kuisoma walikuwa mfanyabiashara kutoka Rhamu, mke wake na mama yake. Walikuwa wamechoka, vumbi limewafanya wote wawe na rangi moja. Mama mzee alivua viatu mlangoni, akakanyaga sakafu iliyomwagiwa maji, akavuta pumzi ndefu kwa ubaridi wake. Kisha aliiona fremu.

"Ile inasema nini?" alimuuliza mwanawe kwa Kisomali.

"Inasema karibu, hooyo," alimjibu mama yake.

"Karibu ni neno moja. Na hayo mengine yote?"

Mwanawe alisita, lakini mama yake alikuwa amemwinulia nyusi. Akamsomea. Alipofika pale pa kutoka kabla ya adhuhuri, mama mzee alirudi mlangoni, akavaa viatu vyake, cha kushoto kisha cha kulia, bila haraka.

"Maji sijanywa," alisema, "na saa ya kufukuzwa nimeshaambiwa."

Nilimfuata hadi barabarani nikimsihi. Nilimwambia ni desturi ya miji mikubwa. Aliniambia, kwa upole ulioniuma zaidi, kwamba nisiwe na wasiwasi, hana hasira na mtoto wa watu. Wakaenda kulala kwa jamaa yao upande wa pili wa soko. Kufikia swala ya alasiri soko lote lilijua kwamba nyumba ya Haji humfukuza mgeni kabla ya kumpokea. Mwuza chumvi aliniuliza kama yeye pia nitamwandikia saa ya kuondoka kwake kwenye kibanda chake.

Haji aliing'oa fremu kwa mikono yake. "Umeniaibisha!"

"Haji, wewe ndiwe uliye…"

"Nilikwambia uandike. Sikukwambia uandike vibaya!"

Akaniamuru niandike nyingine, fupi, isiyomkwaza mtu. Usiku ule sikupata usingizi wa maana, niligeuka na kugeuka hadi dada yangu mdogo akanipiga kiwiko. Asubuhi niliandika: *Karibu mgeni. Nyumba hii ni yako.* Haji aliisoma akatabasamu. Nami nilijua, kama mtu anayejua mbuzi hakufungwa vizuri, kwamba kuna kitu nimeacha wazi.

Waliofuata walikuwa karani wa bara aliyefanya kazi Wajir, na mke wake. Kwa kuwa mtu wa bara hakuingia upande wetu bila kibali cha serikali, wageni wa namna hiyo walikuwa wachache, na Haji alitaka sana waisifu nyumba yake huko ofisini. Walikuwa watu wema na wachangamfu. Karani aliisoma kadi kwa sauti, akapiga makofi. "Nyumba ni yetu, mama watoto!"

Wakaifanya yao kweli.

Bafuni tuliweka mapipa mawili. Maji yote yaliletwa na punda kutoka mtoni, mekundu kama chai ya maziwa. La kushoto lilikuwa la kuogea na kufulia. La kulia tulilitia jiwe la shabu, tukalikoroga kidogo, tukaliacha mpaka tope lizame chini na maji ya juu yawe meupe. Hayo ndiyo yaliyonywewa. Karani alichovya ndoo ndani ya pipa la kulia mpaka chini kabisa, akaoga. Kazi ya siku mbili ikarudi kuwa tope.

Nilipomweleza alinijibu bila ubaya: "Sasa kijana, mimi nilijuaje? Mapipa yanafanana."

Mchana ule ule alikwenda kuoga tena, mtoni, mahali ambapo ng'ombe wenyewe waliacha kunywa. Nilimkimbilia nikipiga kelele za mamba. Alitoka majini na taulo mabegani, mke wake akicheka kwa woga.

"Ukutani mmeandika nyumba ni yangu," aliniambia. "Kwani mto si wa nyumba?"

Nilikuwa nikikimbia nyuma yao tangu alfajiri. Nikitoka pipani naenda jikoni, ambako jiko la mafuta ya taa lilipampuliwa mpaka moto ukafika kwenye paa la makuti. Nikitoka jikoni naenda kwenye chandarua kilichofungwa mchana mbu wakiwa ndani. Kila nilichowaambia walikipokea vizuri, lakini kila mara nilikuwa nimechelewa. Na neno la mwisho sikuwahi kabisa kulisema.

Maziwa ya wageni yaliletwa na mama mmoja jirani yetu, mwenye ng'ombe. Aliyaleta kwenye chombo chake kilichosukwa kwa mizizi ya mti, cheusi, kilichokaa na familia yake tangu kwa bibi yake. Chombo kile hakioshwi kwa sabuni. Husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wenye harufu, na moshi ule ndio unaoyatunza maziwa na kuyapa ladha. Mke wa karani, kwa moyo safi, aliona weusi akadhani ni uchafu. Alikisugua kwa sabuni na mchanga mpaka kikawa na rangi ya mkate, akakianika juani, akanikabidhi kwa fahari.

"Mwambie mama nimemsaidia kidogo."

Mama wa maziwa alikipokea, akaingiza pua yake ndani, akainua uso pole pole. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini alikitumia chote siku ile.

"Nani ameua chombo yangu?"

"Mama, mgeni hakujua…"

"Mgeni hajui, haya. Wewe umezaliwa wapi? Wewe nani amekufunga mdomo? Maziwa hakuna. Ya mgeni hakuna, ya nyinyi hakuna."

Ya kwetu ndiyo yaliyoniuma. Kitinda mimba wetu aliishi kwa maziwa yale.

Karani na mkewe waliondoka wakitupungia mikono, wakiwa na huzuni kwamba chai ya siku za mwisho haikuwa na maziwa. Huko Wajir, nilisikia baadaye, alisema nyumba ni nzuri ila maji ni tope na maziwa hakuna. Haji alinisikiliza nikieleza, kisha alisema maneno ambayo tangu mwanzo nilijua yatakuja.

"Nina mpwa wangu Isiolo, mtu mzima, ana mke. Wageni watakaokuja sasa wakiondoka na lalamiko, chumba cha nyuma nitampa yeye."

Siku zile zile dereva wa lori la Hulugho alinipigia honi nilipokuwa sokoni. "Adeer yako anasalimu. Anamaliza shughuli za mifugo, anakuja."

Sikuweza tena kukaa. Nilifunga mlango nikarudi kuhakikisha nimeufunga. Nilifagia palipofagiwa. Dada yangu mkubwa alinitazama akasema, "Ukiendelea hivi utatoboa sakafu, kisha tutaandika na hilo kwenye kadi." Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekichukua chombo kilichouawa. Alikwenda vichakani akaleta vijiti vya mti wenye harufu, akaviwasha, na jioni baada ya jioni akakisugua ndani kwa kijinga, akakifunika na moshi wake, akakinusa, akaanza tena.

Kilipoanza kuwa cheusi tena nilikipeleka kwa mwenyewe kuomba radhi. Nilimkuta na mume wake nje ya nyumba yao ya mikeka. Mama alikichukua, akanusa, akanusa tena.

"Amefufuka nusu," alisema. "Kaa, kunywa chai."

Sikuwa nimemaliza kikombe changu alipofika mchungaji aliyetoka Ijara, na vumbi lake. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alipewa maji, akapewa chai, na alipotua kikombe mume wa mama wa maziwa akamwambia, kama desturi yetu ilivyo, "Haya, habari." Mgeni akatoa habari za alikotoka: mvua imenyesha wapi, nyasi ziko wapi, nani amezaa, nani amefariki, njia ipi ina simba. Wenyeji wakaitikia kila neno kwa sauti ndogo. Alipomaliza ikawa zamu ya mwenyeji.

"Hapa ni amani," alisema. "Mto umepanda. Njia ya chini mamba ameshika mbuzi jana, watu wanateka juu, kwenye mikwaju. Maji ya asubuhi ni bora, jioni yana tope. Kwa jirani kuna mgonjwa, watoto tumewanyamazisha. Wenye ngamia wa kwenda kwenu huondoka kabla ya jua kukaza."

Mchungaji aliitikia, "Waa yahay, waa yahay," vyema, vyema, na akamshukuru. Akaenda kuteka maji juu, kwenye mikwaju. Alipompita mgonjwa alishusha sauti yake.

Mimi nilikaa na kikombe mkononi, chai imepoa. Mtu yule alikuwa ameambiwa asiende njia ya chini, asiteke jioni, asipige kelele, na hata saa ya kuondoka ameambiwa. Ameambiwa yote yaliyomvisha viatu mama mzee wa Rhamu. Na ameshukuru! Niliinuka bila kuaga vizuri, nikasikia mama wa maziwa akimwambia mumewe, "Mtoto yule ana siafu kwenye nguo?"

Niliandika siku ile ile, na dada yangu akiwa amekaa kwenye gunia akinisikiliza. Nilipoteleza na kuandika *mgeni asi-*, alikohoa. Nilifuta. Karatasi ya tatu ilikuwa hivi:

*Amani iwe kwako uliyefika. Pole kwa safari. Habari za nyumba hii ni hizi.*

*Hapa ni kwema. Maji hutoka mtoni kwa punda. Pipa la kushoto ni la kuoga na kufua, na lina maji mengi, usihofu kuyamaliza. Pipa la kulia limetulizwa kwa shabu. Tope lake limelala chini, na kata iliyoning'inia juu yake huchota bila kuliamsha. Mtoni kuna mamba. Mahali pa kutazama maji kwa usalama ni juu, penye mikwaju, na tutakupeleka.*

*Jiko hupampuliwa kidogo, kwa kuwa paa ni la makuti na liko karibu. Chandarua hushushwa jua likizama, kabla mbu hawajaingia. Maziwa huletwa asubuhi na mama jirani. Chombo chake ni cheusi kwa moshi, na moshi huo ndio usafi wake. Hurudishwa kwake bila kuoshwa, na yeye hukifukiza.*

*Msikiti uko karibu, na majirani hulala baada ya isha. Pombe haijawahi kuingia nyumba hii. Kitu kikivunjika, tuambie, maana anayekuja baada yako atakihitaji. Malori hupakia asubuhi. Baada ya hapo shuka hufuliwa, na kufikia adhuhuri kitanda huwa tayari kwa mwingine, kama kilivyokuwa tayari kwako.*

*Sisi tuko mlango wa nyuma. Ukigonga tunaitika.*

Chini niliacha nafasi ya kipande kidogo cha karatasi cha habari za siku: mto umepanda au umeshuka, upepo wa vumbi, mgonjwa kwa jirani. Hicho kilikuwa cha kubadilishwa kwa kila mgeni, kwa sababu habari iliyolala si habari.

Haji aliisoma akaanza kuirudia. "Sheria ziko wapi?"

"Zote zimo, Haji."

"Pombe?" Nikamwonyesha. "Kuvunja?" Nikamwonyesha. "Kutoka kabla ya adhuhuri?" Nikamwekea kidole juu ya shuka zinazofuliwa. Kisha akasema kule Aden hawakuandika hivyo, lakini akainyoosha fremu ukutani.

Wageni waliopaswa kutupima walikuwa bado njiani lori la Hulugho lilipoingia. Nilisimama, kama kawaida, na safari hii aliyeshuka alikuwa ni yeye.

Alikuwa amekonda. Alitaka kulala duka la jamaa, lakini nilimwomba Haji, na Haji, ambaye kwa mambo ya mgeni hakuwa na mizani, alinipa ufunguo. Nikamwingiza adeer nyumbani. Dada yangu alileta maji, kisha chai, na wadogo wetu wakasimama mlangoni wamepangana kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Adeer aliinua kidevu kuelekea kwenye fremu.

"Ile?"

"Ni habari za nyumba, adeer."

"Nyumba ina habari? Nisomee."

Nilisimama nikasoma, nikigeuza kwa Kisomali kadiri nilivyokwenda. Aliitikia kila sentensi kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeketi mbele ya moto porini. Palipotajwa chombo cha maziwa alicheka puani. Nilipofika kwenye mlango wa nyuma nikanyamaza, lakini yeye hakusogea. Aliendelea kungoja.

"Umenipa habari za maji, za moto na za mamba," alisema. "Watu je?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Niliogopa kuomba, kwa sababu nikimwomba angeweza kukataa. Basi sikuomba. Nilimpa habari.

"Watu ni wanne, na wanne wako hapa. Mkubwa wa wasichana anafua za wageni, na chombo kilichokufa amekifufua. Anayemfuata anakwenda chuoni, ameanza juzuu ya pili. Kitinda mimba aliugua masika yalipoanza, akapona. Asipopata maziwa hudhoofika. Wanalala chumba cha nyuma. Mlango wake unafungwa vizuri. Jina la mama yao wanalitaja bado."

"Waa yahay," alisema.

Kisha akatoa za kwake, akitazama sakafu. Upande wa Hulugho mvua imewapita. Ng'ombe wamesogezwa karibu na mpaka, na watu wamegawanyika. Shangazi wa Ijara amehama na mbuzi, hajulikani alipo mpaka mvua. Alizitoa kama habari tu, bila kuongeza neno, nami niliitikia kila neno kama inavyotakiwa.

Alikaa siku tatu za mgeni. Nilimchungulia, siwezi kukataa. Alichota kwa kata pipa la kulia na kuoga kwa la kushoto. Alishusha chandarua kabla ya magharibi. Alikwenda penye mikwaju na kitinda mimba wetu, wakatazama maji, na yule mdogo alirudi amebebwa mabegani. Mama wa maziwa aliporudi kuleta maziwa, adeer alinusa chombo, akamwambia ni kazi njema, na mama akasema, "Kazi ya yule msichana." Neno kuhusu sisi hakulisema kwangu, wala sikuthubutu kuuliza. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amekunja shuka zake na kuziweka mwisho wa kitanda, na ufunguo juu yake.

"Nimesikia habari," aliniambia, akapanda lori.

Dada yangu aliniuliza maana yake nini. Nilimwambia sijui. Akasema, "Umesoma bure."

Wageni wa Haji walikuja, mkaguzi wa barabara na familia yake, wakakaa, wakaondoka na lalamiko moja tu, kwamba siku zilikuwa chache. Mpwa wa Isiolo hakuitwa. Ningepaswa kutulia. Lakini kila lori la upande wa Hulugho lilinitoa chumbani, nikatazama kama ameshuka kuja kuwachukua, na kila lilipoondoka bila yeye nilirudi nikijiambia huenda ni lijalo.

Kisha siku moja dereva alinipigia honi, akateremka, akafungua ubavu wa lori. Kati ya magunia alisimama mbuzi jike, mweupe mwenye shingo nyeusi, kiwele kimejaa, amefungwa kamba ya mkonge.

"Adeer yako anasalimu. Anasema huyu ni wa maziwa ya yule mdogo. Na anasema msimchinje mkija kumkasirikia."

Nilimshika kamba. Nilikuwa bado nimeishika dada yangu alipotoka na mikono ya sabuni.

"Ukame mkali kama ule, na ametoa mbuzi wa kukamuliwa," alisema. "Mtu anayekuja kuvunja nyumba haiongezei mbuzi, aboowe. Mfunge mbali na kamba ya nguo."

Nilikuwa nimechelewa, mbuzi alikuwa tayari na ncha ya shuka ya Haji mdomoni. Tulimnyang'anya, tukamfunga nyuma. Nikaingia nyumba ya wageni, nikateremsha fremu, na kwenye kipande cha habari za siku, chini ya mto umeshuka, nikaandika: *Nyuma ya nyumba kuna mbuzi wa maziwa. Ni wa watu wanne wanaoishi hapa.*

Haji aliiona jioni akaniuliza mgeni anahitaji habari hiyo kwa nini.

"Asifungue mlango wa nyuma, Haji. Mbuzi anakula shuka."